Mhubiri, mkalimani na waumini ndani ya klipu moja ya wima

*Habari za kazi, mwalimu. Mimi ni wa timu ya media katika kanisa letu hapa kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Ibada tunairekodi kwa kamera mbili, zote zimelala. Wageni wakitoka Kampala wanahubiri kwa Kiingereza na ndugu yetu anatafsiri kwa Kiswahili. Nikikata klipu za kusimama za TikTok, kila mara mmoja anakatika bega au anapotea kabisa, na waumini hawaonekani hata kidogo. Laptopu yangu ni ya zamani, programu nzito zinaganda, ila ffmpeg, ile ya kuandika amri, inafanya kazi. Nifanyeje?*

Ndugu yangu, salama kabisa. Nianze na aibu yangu mwenyewe ili ujue hauko peke yako. Kazi ya kwanza ya namna hii niliifanyia kanisa moja la Wakongo hapa Kampala. Nikatuma klipu kumi na mbili, nikiwa nimeridhika. Jioni mzee wa kanisa akanipigia: "Kijana, kazi nzuri, lakini huo mkono ni wa nani?" Nikafungua klipu upya. Mhubiri yuko katikati, anang'aa, na upande wa kulia unaingia mkono mmoja ulioshika maikrofoni, bila mwili, bila uso, unapanda na kushuka kila baada ya sekunde nne. Ulikuwa mkono wa mkalimani. Mimi niliyekaa siku mbili na ile video sikuuona, kwa sababu macho yangu yalikuwa kwa mhubiri. Tangu siku hiyo, nikimaliza klipu naitazama mara moja nzima huku nikiangalia kingo tu, si katikati.

Chanzo cha tatizo lako ni hesabu ndogo. Picha yako ya mlalo ina upana wa pikseli 1920 na kimo cha 1080. Klipu ya wima ina uwiano wa 9 kwa 16. Ukichukua kimo chote cha 1080, upana unaobaki nao ni 608 tu, yaani chini kidogo ya theluthi moja ya kile kamera ilichoona. Hilo ndilo dirisha lako. Halafu linakuzwa karibu mara 1.8 ili lijaze 1080 kwa 1920, kwa hiyo kila kasoro ya picha inakuzwa nalo. Ndiyo maana nakuomba usikate kutoka kwenye video uliyoshusha mtandaoni baada ya matangazo ya moja kwa moja. Hiyo imeshabanwa sana na ikikuzwa inageuka uji. Chukua faili lililo kwenye kadi ya kamera. Faida ya pili ya kadi ni kwamba picha yake kwa kawaida haina maandishi ya aya wala majina yanayowekwa chini na kompyuta ya matangazo. Maandishi hayo yakikatwa na dirisha la wima yanabaki "hana 3:1" na watu wanakucheka.

Sasa, swali lako la kweli ni moja: hawa wawili wanaingia ndani ya 608 au hawaingii? Usikisie kwa macho. Toa picha moja tuli kutoka kwenye sehemu unayotaka kuikata, uifungue kwenye Paint ya Windows, uelekeze mshale kwenye bega la nje la mhubiri, kisha bega la nje la mkalimani. Paint inakuandikia chini kushoto mshale uko pikseli ya ngapi. Amri ya kutoa picha tuli ni hii:

```
ffmpeg -ss 42:18 -i kamera1.mp4 -frames:v 1 pima.png
```

Ikiwa kutoka bega hadi bega ni chini ya 560 hivi, wanaingia pamoja, na kila upande unabaki na nafasi ndogo ya kupumua. Ikizidi hapo, usilazimishe. Watu wengi hukosea hapa: wanaona mmoja anakatika, wanasogeza dirisha kidogo, anakatika mwingine, wanarudisha, na mwisho wanachagua katikati ambapo wote wawili wanakatika nusu nusu. Bora mtu mmoja aliye mzima kuliko wawili waliokatwa. Lakini kuna njia ya tatu, nayo ndiyo ninayoitumia zaidi kwa ibada zenye mkalimani: kugawa fremu mbili, mmoja juu, mwingine chini.

Kabla ya hiyo, niseme neno juu ya kurukaruka. Utashawishika kumwonyesha mhubiri anaposema, kisha mkalimani anapotafsiri, kisha mhubiri tena. Kwenye karatasi inaonekana ni akili. Lakini sentensi ya mahubiri yenye mkalimani hudumu sekunde tatu au nne, kwa hiyo klipu ya dakika moja inapata mikato kumi na tano au ishirini, na mtazamaji anageuza kichwa kama anayeangalia mpira wa meza. Zaidi ya hayo, ule mvuto wenyewe uko katikati yao: mhubiri anapandisha sauti, mkalimani anaipokea na kuipandisha zaidi, mhubiri anamtazama na kucheka. Ukiwatenganisha kwa mikato umeua kitu kilichofanya watu wapige vigelegele.

Nichukue mfano kamili, namna ambavyo ningeifanya klipu ya sekunde 58 inayoanzia dakika ya 42 na sekunde 10. Nimeitazama mara mbili na nimeona ina vipande vitatu. Sekunde 21 za kwanza mhubiri na mkalimani wamesimama karibu. Sekunde 19 zinazofuata mhubiri ameshuka kushoto, mkalimani amebaki pale pale. Sekunde 18 za mwisho kusanyiko linaitikia, watu wanasimama.

Kipande cha kwanza: nimepima, bega la nje la kushoto liko pikseli 716 na la kulia 1262. Tofauti ni 546, wanaingia. Nafasi inayobaki ni 62, naigawa mbili, 31 kila upande. Kwa hiyo dirisha linaanzia 716 kutoa 31, yaani 685. Nachukua 684, kwa sababu namba shufwa hazileti matatizo kwenye rangi za video.

```
ffmpeg -ss 42:10 -i kamera1.mp4 -t 21 -vf "crop=608:1080:684:0,scale=1080:1920,setsar=1" -an -r 25 -c:v libx264 -crf 20 a.mp4
```

Namba nne za `crop` ni upana, kimo, mahali dirisha linapoanzia kutoka kushoto, na kutoka juu. `setsar=1` usiiache: 608 si 9 kwa 16 kamili, ni kubwa kwa nusu pikseli, na ffmpeg ikiachwa yenyewe inaandika ndani ya faili kwamba pikseli si mraba, halafu vipande vinaweza kutolingana vikiunganishwa au simu nyingine zinaonyesha picha iliyovutwa kidogo. `-r 25` ni kasi ya kamera zangu. Kama zako ni 30, andika 30, mradi vipande vyote viwe sawa. Na `-an` inaondoa sauti kwa makusudi, nitaieleza mbele.

Jambo la kukumbuka kwenye kipande hiki ni kwamba wahubiri hawatulii. Akiyumba kushoto na kulia kwa hatua moja, mwache ayumbe ndani ya fremu. Dirisha likimkimbiza kila anapoegemea, ukuta wa nyuma ndio unaoonekana ukitembea, na mtazamaji anahisi kama yuko kwenye boti. Mimi huhamisha dirisha pale tu mtu amehama kweli na kutulia mahali papya. Hapo natumia sekunde moja na nusu hivi kuhama, basi. Kama unataka kuhamisha taratibu kwa ffmpeg, kuza picha kwanza, kisha ndipo ukate, si kinyume chake. Weka hii mahali pa `-vf` ya amri ya juu:

```
-vf "scale=-2:1920,crop=1080:1920:x='1216-505*clip((t-5)/1.5,0,1)':y=0,setsar=1"
```

Hiyo inakaa mahali pamoja sekunde tano, halafu inasogea kushoto kwa sekunde moja na nusu na kutulia. Namba hapa ni za picha iliyokwisha kukuzwa, ndiyo maana 684 imekuwa 1216. Sababu ya kukuza kwanza ni kwamba dirisha husogea kwa pikseli nzima nzima. Likisogea kwenye picha ndogo kisha likakuzwa, kila hatua inakuzwa pia, na msogeo unaonekana ukigugumia. Niligundua hilo baada ya kulaumu laptopu yangu wiki nzima.

Kipande cha pili ndicho kigumu. Mhubiri katikati ya mwili wake yuko pikseli 520, mkalimani yuko 1180. Ukijumlisha mabega, wamechukua zaidi ya 800. Dirisha moja haliwezi. Hapa ndipo fremu mbili zinapokuja: nusu ya juu ya skrini ni 1080 kwa 960, nusu ya chini vilevile. Uwiano huo ni 9 kwa 8, karibu mraba, na mraba unampenda mtu kuanzia kichwa hadi mapajani. Kutoka kwenye picha asili nachukua madirisha mawili ya 720 kwa 640, kila moja linakuzwa mara moja na nusu tu. Angalia: ukuzaji ni mdogo kuliko ule wa dirisha moja, na bado watu wanaonekana wakubwa, kwa sababu tumeacha dari na sakafu ambazo hazihubiri.

Dirisha la mhubiri linaanzia 520 kutoa 360, yaani 160. La mkalimani linaanzia 820. Kwa kimo, vichwa vyao vinaanzia pikseli 310 kutoka juu, nami nataka nafasi kidogo juu ya nywele, kwa hiyo madirisha yote mawili yanaanzia 240. Yanapoishia, pikseli 880, ndipo kwenye picha zenye maandishi aya hukaa chini yake. Kwa hiyo hata ukilazimika kutumia video yenye maandishi, hapa yamebaki nje.

```
ffmpeg -ss 42:31 -i kamera1.mp4 -t 19 -filter_complex "[0:v]split[a][b];[a]crop=720:640:160:240,scale=1080:960[juu];[b]crop=720:640:820:240,scale=1080:960[chini];[juu][chini]vstack,setsar=1" -an -r 25 -c:v libx264 -crf 20 b.mp4
```

Kabla ya kuiendesha, hakikisha jambo moja. Dirisha la mhubiri linaishia pikseli 880, na bega la kushoto la mkalimani liko karibu 1090. Salama. Dirisha la mkalimani linaanzia 820, na bega la kulia la mhubiri liko karibu 610. Salama pia. Wangekuwa karibu zaidi, kila dirisha lingeonyesha nusu ya mtu wa pili pembeni, na ule mkono usio na mwenyewe ungerudi, safari hii mara mbili. Kuna umbali mbaya wa katikati, pale wawili wako mbali mno kwa dirisha moja na karibu mno kwa madirisha mawili. Hapo nasogeza madirisha kando, la mhubiri kushoto na la mkalimani kulia, hadi jirani atoke. Mtu hatakaa katikati kabisa, lakini hakuna atakayelalamika, mradi asiwe amegeukia ule ukingo uliomkaribia akawa kama anayeongea na ukuta.

Mhubiri namweka juu, mkalimani chini. Si suala la cheo. Jicho huanza juu kwa anayeanza kusema, kisha hushuka kwa anayeitikia, na hiyo ndiyo njia ambayo neno lenyewe linapita. Nimewahi kugeuza, nikaona klipu inahisi kama mkalimani anasema na mhubiri anamsahihisha.

Ukitaka kuandika maneno kwenye skrini, yaweke kwenye mshono, pale fremu mbili zinapokutana. Moja ya tano ya chini ya skrini na ukanda wa kulia huzibwa na maelezo ya TikTok, jina la akaunti na vitufe vya kupenda na kushiriki. Maandishi ukiyaweka huko hayasomeki. Kwenye mshono yanafunika kiuno cha mhubiri na nafasi iliyo juu ya kichwa cha mkalimani, yaani hayafuniki kitu. Mistari miwili tu. Wa tatu unaanza kumvisha mkalimani kofia.

Sasa waumini. Hapa nadhani kosa lako ni lilelile ambalo kila mtu hulifanya: unachukua kamera ya pili, ile inayotazama kusanyiko, na unakata katikati. Katikati ya kusanyiko kuna nini? Kuna njia. Unapata zulia, safu mbili za viti vya plastiki kila upande, na mtoto anayekimbia. Watu mia mbili wamekuja, na klipu yako inaonyesha ukumbi mtupu.

Kusanyiko zima haliingii kwenye wima, tukubali. Kinachoingia ni kundi. Tafuta mahali ambapo nyuso nne au tano zimekaribiana na safu zimepangika kwa mshazari, moja nyuma ya nyingine, kwa sababu wima unapenda kina: akina mama wa mbele wakubwa, nyuma yao wanakwaya, nyuma yao vijana waliosimama karibu na mlango. Mimi nina kipimo changu: uso ambao kwenye picha asili una kimo cha chini ya pikseli 40, hata ukiukuza hausomeki kama anacheka au analia. Nyuso za safu za nyuma nawaacha wawe umati tu. Furaha ya klipu inabebwa na wale wa mbele.

Kwa kipande cha tatu cha mfano wetu situmii kusanyiko peke yake. Naweka mhubiri na mkalimani juu, kwa sababu wamerudi karibu, na kusanyiko chini. Nusu ya chini naikata kutoka kamera ya pili kwa dirisha la 1216 kwa 1080. Hapo tazama uzuri wa hesabu: 1216 linapunguzwa kuwa 1080, halikuzwi. Umechukua karibu theluthi mbili za upana wa kusanyiko, kimo chote, na picha imebaki kali kama ilivyotoka kwenye kamera. Kwa waumini, nusu ya skrini inaonyesha watu wengi zaidi kuliko skrini nzima ya wima. Ni ajabu kidogo hadi uchore kwenye karatasi. Hakikisha tu nyuso unazozitegemea ziko nusu ya juu ya hilo dirisha, maana chini kutazibwa na maelezo.

Amri ni kama ya kipande cha pili, ila faili za kuingiza ni mbili, na kila moja ina `-ss` yake kabla ya `-i`. Kamera zako hazikuwashwa wakati mmoja, kwa hiyo dakika zao hazilingani. Tafuta kofi moja lenye kishindo mwanzoni mwa ibada, uone kila kamera imelisikia sekunde ngapi. Kwangu kamera ya pili iliwashwa sekunde 2.6 baadaye, kwa hiyo pale kamera ya kwanza inapoanzia 42:50, ya pili inaanzia 42:47.4. Kwenye amri, badala ya `split`, unachukua `[0:v]` kwa juu na `[1:v]` kwa chini. Urefu unakuwa `-t 18`, namba za `crop` ya juu unazipima upya ili wawili hao waingie pamoja, na `crop` ya chini ni 1216:1080, ikianzia pale kundi lako linapoanzia. Mengine ni yaleyale. Faili likitoka, lipe jina c.mp4.

Ombi moja hapa, na ni la kikazi kabisa: mwitikio uwe wa dakika ileile. Nimeona watu wakichukua vigelegele vya wakati wa sifa na kuvipachika chini ya mahubiri. Waumini wa kanisa lako wanakumbuka nani alisimama lini, na mama aliyevaa kitenge cha njano anajijua hakusimama kwenye lile neno.

Na kwa Nakivale hasa, uso wa muumini si pambo la klipu. Kati ya waliokaa kwenye viti hivyo kuna waliokimbia watu, na video ya TikTok inafika hadi kule walikotoka. Niliwahi kuombwa na dada mmoja niondoe klipu iliyomwonyesha sekunde tatu tu. Niliiondoa siku hiyohiyo, lakini ilikuwa imeshashirikiwa. Sasa nafanya kazi na makanisa yanayotenga upande mmoja wa ukumbi usioonyeshwa na kamera, na tangazo linatolewa kabla ya ibada. Asiyetaka kuonekana anakaa huko. Kwa watoto, Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi, kwa hiyo dirisha lako lisichague safu ya shule ya Jumapili kwa sababu tu ndiyo inayocheza vizuri zaidi.

Sasa sauti. Umepata vipande vitatu visivyo na sauti. Usikate sauti vipande vitatu kisha uviunge. Kwenye kila kiungo kunaweza kubaki kidoa cha ukimya au mlio mdogo, na kwenye mahubiri sikio linaudaka. Sauti inatoka moja kwa moja kwenye kamera ya kwanza, sekunde 58 mfululizo, na picha inawekwa juu yake. Andika faili dogo la maandishi, liite orodha.txt:

```
file 'a.mp4'
file 'b.mp4'
file 'c.mp4'
```

Kisha:

```
ffmpeg -f concat -i orodha.txt -ss 42:10 -i kamera1.mp4 -map 0:v -map 1:a -t 58 -c:v copy -c:a aac -b:a 128k klipu.mp4
```

Hii haitaichosha laptopu yako hata kidogo, kwa sababu picha inanakiliwa tu bila kusindikwa upya. Ukimaliza tazama midomo sekunde ya 25 na sekunde ya 50. Kama midomo ya mhubiri iko sawa kwenye ya kwanza na imechelewa kwenye ya pili, kipande kimoja hakikutoka na urefu ulioutaka. Mara nyingi ni `-r` iliyotofautiana kati ya kipande na kipande. Kwa kusanyiko, kuchelewa kidogo hakuonekani, isipokuwa wakipiga makofi.

Programu za simu zinazofuata uso zenyewe nimezijaribu. Kwa mhubiri mmoja anayetembea zinasaidia. Kwa wawili, zinarukia kwa mkalimani, zinarudi, na siku moja ilimwacha mhubiri kabisa ikafuata uso wake uliokuwa kwenye skrini ya projekta nyuma yake, ambao kwa haki ulikuwa mkubwa zaidi.

Lakini nusu ya kazi hii yote unaweza kuiondoa Jumapili asubuhi kabla watu hawajafika. Kamera yako ya kwanza inaona upana gani wa jukwaa? Pima kwa hatua au kwa utepe. Tuseme mita 6. Dirisha la wima ni chini kidogo ya theluthi yake, mita 1.9. Watu wawili wazima wenye mikono inayocheza wanataka karibu mita moja na nusu, kwa hiyo miguu yao isizidi umbali wa mita moja. Bandika vipande viwili vya utepe sakafuni kwa umbali huo, na umweleze mkalimani, si mhubiri. Mgeni atatembea apendavyo. Mkalimani ni ndugu yako, ndiye anayeweza kumfuata ili umbali usikue. Mwombe pia asimame nyuma kidogo ya bega la mhubiri, si sambamba naye kabisa, mabega yakapishana kwenye picha. Kwangu hilo peke yake limeokoa pikseli mia.

Kisha bandika vipande viwili vyembamba vya utepe kwenye kioo cha skrini ya kamera yenyewe, wima, kimoja kila upande, vikiacha katikati theluthi moja ya upana. Kijana anayeshika kamera ataona wima wako akiwa bado anarekodi mlalo. Tumia ule utepe mweusi wa mafundi umeme, usivute sana unapobandika. Ule wa kahawia wa kufungia katoni huacha gundi kwenye kioo, na kuitoa gundi hiyo nilitumia mafuta ya taa na jioni nzima.